Siku ya Kuvunja Kikoba

Muhula uliopita tulipewa kusoma kitabu cha Stuart Rutherford cha mwaka 2000, kinachoeleza namna maskini wanavyoshughulika na fedha zao. Ukurasa ulionizuia nisiende mbele ni ule unaomhusu Jyothi, mwanamke wa makamo katika mji wa Vijayawada, kusini mwa India. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba kwenye mitaa ya mabanda akikusanya akiba za wanawake. Kila mteja anampa kadi iliyochorwa vyumba 220. Mteja akitoa rupia 5, chumba kimoja kinatiwa alama. Vyumba vyote vikijaa, mteja ametoa rupia 1,100, na Jyothi anamrudishia 1,000. Ile mia inayobaki ndiyo ujira wake.

Mwenzangu mmoja darasani aliuliza kwa mshangao: yaani mtu analipa ili atunziwe hela yake mwenyewe? Mhadhiri akatupigia hesabu ubaoni. Mteja hakuweka 1,100 siku ya kwanza. Aliziweka kidogo kidogo, kwa hiyo kwa wastani Jyothi alikuwa na rupia 550 zake kwa siku 220. Ada ya 100 juu ya 550 ni kama asilimia 18, na ukiipeleka kwa mwaka mzima inakaribia asilimia 30. Benki humlipa mweka akiba riba. Mteja wa Jyothi anailipa yeye.

Mimi nimekulia Muheza, mkoani Tanga, kwenye nyumba ambayo hela ya kula ilitoka kwenye karai la maandazi na, msimu ukifika, kwenye magunia ya machungwa. Habari ya Jyothi haikunishangaza. Mama yangu amecheza mchezo, ule wa kuchangiana hela na kuzichukua kwa zamu, tangu sijaanza shule, na kijumbe wao kila mzunguko alichukua zamu ya kwanza. Hakuna aliyelalamika. Kushika fungu la kwanza bila riba, wakati wengine wanasubiri miezi, ndiyo malipo yake ya kukumbusha watu, kuzunguka na daftari na kubeba lawama mtu akichelewa. Ni mia ya Jyothi kwa sura nyingine.

Hoja ya Rutherford ni nyepesi kuisema, lakini imebadilisha namna ninavyotazama daftari la mama. Anasema maskini anahitaji mafungu: ada ya shule, bati, msiba, harusi, bei ya gunia la unga wakati ni rahisi. Kipato chake hakiji kwa mafungu, kinakuja kwa vijisenti. Kazi ya chombo chochote cha fedha kwa mtu wa namna hii ni kugeuza vijisenti kuwa fungu, na njia za kufanya hivyo ni tatu tu. Unaweza kuweka kwanza ukachukua fungu mwishoni, kama kwa Jyothi. Unaweza kuchukua fungu kwanza ukalipa vijisenti baadaye, na hapo watu huita mkopo. Au unaweka mfululizo, na fungu linakujia mahali fulani katikati ya safari, kama kwenye mchezo.

Kinachonigusa hapo ni kwamba kwa mlipaji, njia zote tatu zinafanana. Mama anatoa 5,000 kila Jumamosi. Ikiwa fungu limeshakuja, ile 5,000 inaitwa rejesho. Ikiwa bado, inaitwa akiba. Karai ni lile lile na unga ni ule ule. Ndiyo maana naona tunakosea tunapouzungumzia mkopo wa kikoba kama mtaji ulioshuka kutoka mahali fulani. Ni akiba iliyotangulia, na mtu asiyeweza kuweka 5,000 kwa wiki hataweza kurejesha 5,000 kwa wiki, hata umwite mjasiriamali.

Mchezo una uzuri ambao kikoba hakina: hela haikai popote. Watu kumi wakitoa 20,000 kila mmoja, 200,000 zinakusanywa na kuondoka siku hiyo hiyo. Hakuna sanduku la kuibiwa wala hesabu ya kukosewa. Kila mtu anajua nani ameshapata na nani bado. Na kuna jambo jingine. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichunguza michezo ya Kibera, Nairobi, na utafiti wao wa mwaka 2002 ukaonyesha kwamba wanaocheza zaidi ni wanawake wenye waume na wenye kipato chao wenyewe. Maelezo yao ni kwamba hela iliyoko kwenye mchezo haiwezi kuombwa na mtu nyumbani. Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hilo nalo mpaka lisomewe?"

Lakini mchezo hauna mkopo wa dharura. Zamu yako ni mwezi wa nane, mtoto ameugua mwezi wa tatu, utafanya nini? Hapo ndipo kikoba kinapoingia. Muundo wake wa sasa, wa hisa, sanduku na mzunguko wa mwaka mmoja, ulitokana na vikundi vilivyoanza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, kisha ukaenea nchi nyingi za Afrika. Kwetu ukazaa VICOBA. Watu wananunua hisa kila wiki, hela inakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na wanachama wanakopeshana kwa riba. Mwisho wa mwaka kikoba kinavunjwa na kila mtu anachukua chake pamoja na faida.

Hilo neno faida ndilo ninalotaka kulichambua, kwa kutumia mwaka mmoja wa kikoba cha mama. Nilisaidia kuandika daftari mwaka ule, kwa hiyo hesabu nazijua.

Walikuwa wanachama 20. Hisa moja shilingi 2,000, na kwa wiki mtu anaruhusiwa kununua kuanzia hisa moja hadi tano. Kwa wiki 50 kundi lilinunua hisa 3,000, yaani shilingi milioni 6. Mkopo ulikuwa wa miezi mitatu kwa riba ya asilimia 10, na mtu aliweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Mwaka mzima mikopo yote kwa jumla ilifika milioni 9, kwa hiyo riba iliyoandikwa ilikuwa 900,000. Faini za kuchelewa na za simu kuita kikaoni zilifika 60,000. Jumla daftari likasema 6,960,000. Gawanya kwa hisa 3,000 unapata 2,320 kwa kila hisa.

Mama alinunua hisa tano kila wiki, hakukopa hata mara moja. Hisa zake 250 zilimgharimu 500,000, na kwa daftari zilikuwa na thamani ya 580,000. Ukitumia ule ujanja wa wastani tuliofundishwa kwa Jyothi, hela yake iliyokuwa sandukuni kwa wastani ni 250,000 tu, na faida ya 80,000 juu yake ni asilimia 32 kwa mwaka.

Sasa mtazame jirani yetu anayeuza mboga. Yeye alinunua hisa moja kila wiki, jumla 100,000. Wiki ya 25 alikopa 150,000, akarejesha 165,000. Wiki ya 37 akakopa 200,000, akarejesha 220,000. Riba aliyolipa ni 35,000. Faida ya hisa zake 50, kwa daftari, ilikuwa 16,000. Kwa hiyo mwaka ule alitoa 19,000 zaidi ya alizopata, na zile 19,000 daftari liliziandika kuwa faida ya watu kama mama yangu. Hakuna shilingi hata moja ya faida iliyotoka nje ya chumba kile. Mwenye kipato cha kutosha aliweka zaidi na hakukopa. Mwenye kipato kidogo aliweka kidogo na akakopa. Riba ikahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Sisemi kwamba jirani alidhulumiwa. Alipokopa 150,000 na kurejesha kwa mafungu matatu ya 55,000 kila mwezi, deni lake kwa wastani lilikuwa 100,000, kwa hiyo alilipa kama asilimia 5 kwa mwezi. Mtaani kwetu mkopo wa kausha damu wa 100,000 unarejeshwa 5,000 kila siku kwa siku 26. Hiyo ni 130,000, na kwa kuwa deni linapungua kila siku, 30,000 ile inalipwa juu ya wastani wa kama 50,000: asilimia 60 ndani ya mwezi mmoja usiotimia. Mtu akinusurika na hilo kwa 19,000 za mwaka mzima, amepata unafuu wa kweli. Ninachosema ni kwamba kikoba kikijisifu kwa faida kubwa, swali la kwanza liwe: imelipwa na nani?

Kuna vikoba vimejibu swali hili vibaya kabisa. Vimeona riba ndiyo faida, vikaweka mkopo wa lazima: kila mwanachama akope, atake asitake, ili mwisho wa mwaka hisa ivimbe. Mtu anachukua 200,000 asizokuwa na kazi nazo, zinayeyuka kwenye matumizi ya nyumbani, na miezi mitatu baadaye anatafuta 220,000. Kwa kipimo cha Rutherford huo ni upuuzi mtupu, kwa sababu umemlazimisha mtu kuchukua fungu wakati asipolihitaji na kulilipia. Naliona kuwa kosa kubwa kuliko wizi wa sanduku, kwa sababu mwizi anakemewa, na hili linapigiwa kura.

Nirudi kwenye siku ya kuvunja. Ilikuwa Jumapili, barazani kwa mweka hazina, mikeka imetandikwa, pilau linanukia uani. Kufuli tatu zikafunguliwa. Hela ikahesabiwa mara mbili na watu wawili tofauti, noti za elfu kumi upande huu, za elfu mbili upande ule zimefungwa mipira. Daftari lilisema 6,960,000. Kwenye mkeka zilikuwa 4,550,000.

Hakuna aliyeiba. Shilingi 2,410,000 zilikuwa nje, kwa wanawake wanne. Hisa zao wanne kwa jumla zilikuwa 400, na kwa bei ya daftari zilikuwa na thamani ya 928,000. Zikazuiwa kufidia deni, lakini zilifunika zaidi kidogo ya theluthi yake. Na hili si bahati mbaya, limo ndani ya kanuni yenyewe. Ukimruhusu mtu akope mara tatu ya hisa zake, theluthi moja ya mkopo ndiyo yake. Theluthi mbili ni jasho la wenzake, na dhamana yake ni jina lake tu na aibu.

Hisa 2,600 za waliobaki zikagawana 4,550,000. Hisa moja ikapata 1,750. Mama, aliyeweka 500,000 kwa mwaka mzima bila kukosa wiki, alipewa 437,500. Alizihesabu, akazifunga kwenye kanga, akaenda kusaidia kupakua pilau. Miezi iliyofuata wadaiwa walirejesha 520,000, sawa na shilingi 200 kwa hisa, na mama akafikisha 487,500. Kwa hiyo mwaka ule yeye pia alilipia kutunziwa hela yake, shilingi 12,500, kama wale wanawake wa Vijayawada. Tofauti ni kwamba wao waliijua ada tangu siku ya kwanza.

Usiku ule nilirudi kwenye daftari nililoliandika kwa mkono wangu, na dalili zote zilikuwemo. Ya kwanza ni tarehe. Mkopo wa miezi mitatu kwenye mzunguko wa wiki 50 unatakiwa ukome kutolewa wiki ya 37. Jirani wa mboga ndiye aliyekuwa wa mwisho kukopa kihalali. Sisi tuliendelea kutoa mpaka wiki ya 46, kwa sababu sanduku lilikuwa limejaa na ilionekana hasara kuiacha hela ikae bure. Wiki za mwisho ndizo sanduku linapokuwa zito kuliko wakati wowote, na ndizo wiki ambazo haifai kuligusa.

Dalili ya pili ilinichukua muda kuigundua. Mmoja wa wale wanne alikuwa na rekodi nzuri kuliko wote: mikopo mitatu, yote imefungwa kwa tarehe. Lakini kila mara, siku aliyofunga mkopo wa zamani ndiyo siku aliyochukua mpya, na mpya ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani pamoja na riba yake. Kwenye daftari ilionekana fedha imeingia na fedha imetoka. Kwenye mkeka hakuna noti ya rejesho iliyobaki. Deni lilikuwa linavaa nguo mpya kila baada ya miezi mitatu, na kila mara likiongeza riba ambayo tuliiandika kuwa faida yetu. Sehemu ya zile 900,000 haikuwahi kuwepo duniani.

Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa na kausha damu mbili pembeni. Alikopa kikoba kulipa kausha damu, akakopa kausha damu kuonyesha rejesho la kikoba. Daftari letu lisingeweza kuliona hilo, ila kikao kingeweza. Majirani wawili walikuwa wanajua na walinyamaza, kwa sababu walikuwa wadhamini wake.

Hapa ndipo ninapokubaliana na Rutherford kwa moyo wote kuhusu ukomo. Chombo cha akiba cha watu wadogo kinatakiwa kife kwa tarehe inayojulikana. Baada ya msiba ule wa hesabu, wanachama watatu walipendekeza kisivunjwe tena. Kiendelee mwaka hadi mwaka, sanduku likue, tusajili kuwa kitu kikubwa. Naelewa mvuto wake. Lakini kuvunja ndio ukaguzi pekee ambao mwanachama asiyejua kusoma anaweza kuufanya mwenyewe: hela iko kwenye mkeka au haipo. Kikoba kisichovunjwa kingeibeba ile 2,410,000 kama mali kwa miaka, kila mwaka ikizaa riba ya karatasi.

Kuhusu usajili, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi kwenye daraja la nne, chini ya SACCOS, na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Nauunga mkono, hasa kwa kuwa kikundi kikiwa na cheti na katiba iliyoandikwa, mdaiwa sugu anaweza kufikishwa mahali. Ila cheti hakihesabu noti. Kikoba cha mama kilikuwa na katiba, na katiba ilisema mikopo ikome mapema. Haikuandika wiki.

Wala tusivibebeshe vikundi hivi mzigo usio wao. Utafiti mkubwa wa Dean Karlan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Ghana, Malawi na Uganda, ulikuta kwamba vikundi vya akiba viliongeza akiba, vikakuza biashara za familia na vikawapa wanawake sauti zaidi, lakini kwa wastani havikuongeza matumizi ya kaya. Mtu aliyetarajia kikoba kiondoe umaskini ataona matokeo hayo ni haba. Mimi nikimkumbuka jirani wa mboga, aliyepata 200,000 wiki ya 37 bila kupiga magoti kwa mtu, naona kikoba kilifanya kile kile kinachotakiwa kufanya: kilimgeuzia vijisenti kuwa fungu siku aliyolihitaji.

Mwaka huu wamebaki 17. Mkopo umeshushwa kuwa mara mbili ya hisa, na aliyefunga mkopo anasubiri wiki mbili kabla ya kuomba mwingine, na ndani ya wiki hizo mbili hela yake lazima ilale sandukuni ionekane. Mdaiwa yule mwenye kausha damu amerudi. Walibishana vikao vitatu, kisha wakamruhusu anunue hisa bila kukopa mpaka amalize. Kwenye jalada la ndani la daftari jipya nimeandika kwa kalamu nyekundu: wiki ya 37. Mama ameniambia niliandike kubwa zaidi, kwa sababu barazani jioni taa ni hafifu.